Ubao uliofutwa kwenye picha ya PNG: umeondoka, au umefichwa tu?

Tuchukue picha moja tuifuate mpaka mwisho. Muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, Mwanza, amepiga picha ya gunia lililofunguliwa mdomo ili aitumie kwenye matangazo. Dagaa wametoka vizuri, wanang'aa. Tatizo ni kwamba nyuma ya gunia kuna ubao mweupe wenye orodha ya wachuuzi anaowadai: majina, namba za simu na kiasi. Picha inapelekwa kwa kijana wa steshenari, anafuta kila kitu kilicho nyuma ya gunia, kisha anarudisha faili linaloitwa `dagaa.png`. Ukilifungua unaona gunia peke yake, na palipokuwa na ubao pana vile viraba vya kijivu na vyeupe vinavyoashiria kwamba hapana kitu.

Faili hilo likitumwa kwenye kundi la wanunuzi wa Bukoba na Musoma, je, ule ubao umo au haumo?

Dada, kama siuoni ubao, si ina maana haupo?

Hapana. Kutouona ni jambo moja na kutokuwepo ni jambo jingine, na sababu iko katika namna PNG inavyohifadhi picha.

Kila pikseli ya picha ya aina hii ina namba nne. Tatu za kwanza ni rangi: kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Ya nne huitwa alfa, nayo hueleza pikseli ionekane kwa kiasi gani. Alfa ikiwa 255, pikseli inaonekana yote. Ikiwa 0, haionekani kabisa. Sasa angalia: alfa ikishuka hadi 0, hakuna kitu kinacholazimisha zile namba tatu za rangi kubadilika. Tangu muundo wa PNG ulipotolewa mwaka 1996, rangi huandikwa kando na alfa huandikwa kando, bila moja kuzidishwa kwa nyingine. Kwa hiyo pikseli iliyokuwa wino mweusi wa ubaoni, tuseme 31, 29, 34, inaweza kubaki 31, 29, 34 hivyo hivyo, ikiwa na alfa 0 pembeni yake. Programu ya kuonyesha picha inasoma ile sifuri na kuiruka. Wino haujaenda popote.

Na PNG haipotezi chochote inapobana faili, tofauti na JPEG. Kama rangi zilibaki, zimebaki kwa usafi uleule wa picha ya mwanzo. Namba ya simu iliyokuwa inasomeka ubaoni itasomeka tena, tarakimu kwa tarakimu.

Katika mfano wetu picha ina upana wa pikseli 1600 na urefu wa 1200, yaani pikseli 1,920,000. Gunia limechukua kama theluthi moja. Zile nyingine, karibu 1,280,000, ndizo ambazo mtazamaji anaamini ni tupu.

Kwa nini programu ziache rangi hizo badala ya kuzifuta?

Kwa faida ya mtu anayehariri. Kifutio cha GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mfano, hushusha alfa tu kwenye tabaka lenye uwazi na kuacha rangi. Ndiyo maana kifutio hicho kina chaguo la `Anti erase`: ukiliwasha na kupitisha brashi ileile mahali ulipofuta, kilichofutwa kinarudi. Kwa mtu aliyefuta sikio la ng'ombe au mdomo wa samaki kwa bahati mbaya, huo ni msaada mkubwa. Balaa linaanzia pale faili linapotoka nje ya kompyuta likiwa bado na uwezo huo wa kurudishwa.

Kuna programu zinazosafisha rangi zilizofichwa wakati wa kuhifadhi, na kuna zisizofanya hivyo. Programu moja inaweza kufanya yote mawili, kutegemea kisanduku kipi kimewekwa alama. Hivyo jina la programu halitoshi kukupa jibu. Linalotoa jibu ni faili lenyewe, na kulipima ni kazi ya dakika mbili.

Nilipimaje faili langu?

Kwanza kuna kipimo cha uongo ambacho watu wengi hukitegemea: kuweka picha juu ya rangi nyekundu au nyeusi na kutazama kama kuna kitu kinachojitokeza. Kipimo hicho kinafichua mabaki yenye alfa ndogo, jambo tutakalolirudia hapa chini, lakini hakiwezi kamwe kufichua rangi iliyo chini ya alfa 0. Ukiipaka nyuma rangi zote za dunia, pikseli ya alfa 0 itarukwa tu.

Kipimo cha kweli ni kuiondoa alfa yenyewe na kutazama kilichobaki. Kwenye kompyuta yenye GIMP hufanyika hivi. Fungua `dagaa.png`. Nenda `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Transfer layer's alpha channel`, kisha bonyeza `Add`. Hatua hii imeitoa alfa kwenye picha na kuihamishia kwenye kinyago cha tabaka. Kwa macho bado hakuna kilichobadilika. Sasa nenda `Layer > Mask > Disable Layer Mask`. Kinyago kinazimwa, na rangi zote zilizomo ndani ya faili zinajitokeza. Ukiona rangi moja iliyolala, nyeusi au nyeupe, eneo lote la nyuma, faili ni safi katika sehemu hiyo. Ukiona ubao na majina, umeshapata jibu.

Angalizo: usitumie `Layer > Transparency > Remove Alpha Channel` ukidhani ni njia ya mkato. Jina lake linadanganya. Amri hiyo huchanganya picha na rangi ya nyuma iliyochaguliwa kwenye programu, kwa hiyo itakuonyesha eneo safi hata kama ubao umo ndani ya faili ulilofungua. Wengi wamejiridhisha kwa njia hiyo na kutuma.

Asiye na GIMP atumie ImageMagick, ambayo ni programu ya bure ya kuandikia amri. Kwenye simu ya Android unaipata ndani ya programu ya Termux kwa `pkg install imagemagick`, kisha `termux-setup-storage` ili Termux iruhusiwe kuona mafaili ya simu. Ingia kwenye folda yenye picha na uandike:

```
magick dagaa.png -alpha off fichuo.png
```

Fungua `fichuo.png`. Ulichokiona hapo ndicho mtu yeyote aliyepokea `dagaa.png` anaweza kukiona kwa amri hiyohiyo. Kompyuta zenye toleo la zamani, la 6, hutumia neno `convert` badala ya `magick`. Mengine yote ni sawa.

Ukubwa wa faili nao hutoa fununu. Eneo la rangi moja hubanwa hadi karibu kuisha, lakini ubao wenye vivuli na mikwaruzo haubaniki hivyo. Kama theluthi mbili za picha ni "tupu" na bado faili lina megabaiti 3, wakati picha ileile ikisafishwa inashuka hadi megabaiti 1 na ushee, basi zile megabaiti mbili zilikuwa zimebeba kitu. Ila hiyo ni fununu tu. Usihukumu kwa ukubwa peke yake.

Programu yangu husafisha rangi za pikseli zenye alfa 0. Basi imekwisha?

Bado, kuna mabaki ya alfa ndogo, na hapa ndipo hata watu makini huteleza.

Tuseme kijana alitumia kifutio kilichowekwa nguvu ya asilimia 95 badala ya 100. Kila alipopita mara moja, alfa ilishuka kutoka 255 hadi kama 13. Juu ya karatasi nyeupe, wino mweusi wenye alfa 13 unaonekana kama kijivu hafifu sana: kama namba 244 mahali ambapo nyeupe ni 255. Jicho halioni, hasa kwenye kioo cha simu juani. Lakini kwa kuwa rangi huandikwa kando na alfa, ndani ya faili ule wino bado ni 31, 29, 34, mweusi kamili. Tena usafishaji wa kawaida hauugusi, kwa sababu unashughulikia pikseli zenye alfa 0 tu. Ya 13 siyo 0.

Jambo hilohilo hutokea ukitumia brashi yenye kingo laini, au ukichagua eneo kwa kingo zilizolainishwa pikseli 20 au 30. Kuzunguka gunia kunabaki ukanda wa upana huo ambao haukufutika wote. Kama namba ya simu iliandikwa karibu na mdomo wa gunia, nusu ya tarakimu zake zinaweza kuwa ndani ya ukanda huo.

Amri hii hugeuza kila pikseli yenye alfa yoyote iliyozidi 0 kuwa nyeupe, na zenye 0 kamili kuwa nyeusi:

```
magick dagaa.png -alpha extract -threshold 0 mabaki.png
```

Ukifungua `mabaki.png` unapaswa kuona umbo la gunia jeupe juu ya weusi uliotulia. Ukiona mabaka meupe, michirizi kama ya ufagio, au gunia lenye ukungu mpana kulizunguka, hayo ndiyo mabaki. Picha hii inafaa kutazamwa ikiwa imekuzwa, kona kwa kona, maana kidoa kimoja chenye upana wa pikseli 40 kinatosha kubeba jina la mtu.

Haya, nisafisheje?

Njia tunayoipendekeza kuliko zote haihitaji amri wala programu maalumu: haribu kwanza, ndipo ufute. Kabla ya kugusa kifutio, paka rangi nzito juu ya sehemu unayotaka ipotee. Kwenye simu, fungua picha kwa programu yoyote yenye brashi, weka nguvu asilimia 100, chagua brashi ngumu na siyo ile inayofanana na kalamu ya kuangazia maandishi, kisha ufunike ubao wote. Hifadhi kama JPEG mpya. Baada ya hapo ndipo uipeleke picha hiyo mpya kwenye programu ya kuondoa mandharinyuma. Hata kama programu hiyo itaacha rangi zilizofichwa, itakuwa imeficha rangi ya brashi yako. Ubao haupo tena wa kufichwa.

Kwenye GIMP ni vivyo hivyo: ukishachagua eneo la nyuma, hakikisha `Feather edges` imezimwa, nenda `Edit > Fill with FG Color`, ongeza alfa kwa `Add Alpha Channel` kama tabaka halina, halafu ndipo ubonyeze Delete. Chagua rangi inayokaribiana na kitu chako. Dagaa ni wa rangi ya fedha, kwa hiyo kijivu cheupe kinafaa; ukijaza kijani kikali utaona uzi wa kijani ukizunguka gunia, kwa sababu pikseli za ukingoni huwa nusu gunia, nusu rangi uliyojaza.

Wakati wa kuhifadhi kwa `File > Export As`, dirisha la PNG lina kisanduku kilichoandikwa `Save color values from transparent pixels`. Ondoa alama hapo. Kisanduku hicho ndicho kinachoamua kama namba za rangi zilizo chini ya alfa 0 ziandikwe kwenye faili au ziachwe. Usikiamini kwa kumbukumbu ya jana. Kitazame kila unapohifadhi, kisha upime faili lililotoka.

Kama faili limeshafutwa na picha ya mwanzo huna, lisafishe kwa amri:

```
magick dagaa.png -channel A -level 10%,100% +channel \
  -background black -alpha background -strip safi.png
```

Isome kwa utaratibu. Sehemu ya `-level` inachukua kila alfa iliyo chini ya asilimia 10 na kuishusha hadi 0, hivyo yale mabaki ya 13 yanakwisha. Sehemu ya `-alpha background` inapaka nyeusi pikseli zote zenye alfa 0, bila kuzifanya zionekane. Na `-strip` inaondoa maelezo yaliyobebwa ndani ya faili. Mpangilio huo una maana: ukipaka nyeusi kabla ya kushusha alfa, mabaki yatashuka hadi 0 baadaye yakiwa na rangi zao zilezile, na kazi yote itakuwa bure.

Mpaka wa njia hii ni kwamba asilimia 10 haitoshi kwa kila picha. Kama kifutio kilikuwa cha nguvu ya asilimia 80, mabaki yana alfa 51, ambayo ni asilimia 20, na yatapita salama. Ukipandisha kiwango hadi 25%, ukingo wa gunia utaanza kuonekana kama umekatwa kwa wembe butu. Hapo ni heri kurudi kwenye picha ya mwanzo na kuanza upya kwa kupaka rangi. Mara zote rudia vipimo viwili, `-alpha off` na `-threshold 0`, safari hii kwa `safi.png`.

Tangazo langu halihitaji uwazi, nataka tu gunia juu ya nyeupe.

Basi usitume PNG. Kwenye GIMP chagua nyeupe kuwa rangi ya nyuma, bonyeza `Image > Flatten Image`, na uhifadhi kama JPEG. Kuna safu moja tu ya rangi, alfa haipo, na hakuna mahali pa kuficha kitu. Mabaki ya alfa ndogo ndiyo pekee ya kuangalia, kwa sababu kijivu cha 244 kitaingia kwenye JPEG kikiwa kama 244. Kwa hiyo fanya kipimo cha `-threshold 0` kabla ya kubapa picha, siyo baada.

Bango la kuchapisha, fulana na nembo ndivyo vinavyohitaji uwazi kweli. Bei ya dagaa kwenye hali ya WhatsApp haihitaji.

Nikiituma kwa WhatsApp si inajisafisha yenyewe?

Inategemea umeitumaje. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na kuifanya JPEG, na JPEG haina alfa. Anayepokea anapata gunia juu ya rangi moja. Ukituma kama hati, faili linakwenda lilivyo, baiti kwa baiti, pamoja na kila kilichofichwa. Na mafundi wa mabango huomba hati daima: "Nitumie kama document, kaka, isipoteze ubora." Wanaomba kwa haki, kwa sababu picha iliyobanwa inachapwa vibaya. Ila ubora wanaoutaka unasafiri pamoja na ubao. Hali ni hiyohiyo kwa barua pepe, flashi na folda za mtandaoni: zote hupeleka faili bila kuligusa.

Mitandao mingine hubadilisha picha inapopakiwa, na namna inavyobadilisha inaweza kugeuka bila taarifa. Kwa hiyo kipimo kinachohesabika ni cha faili linaloshuka, siyo lililopanda. Pakia picha ya majaribio isiyo na siri, tuseme gunia mbele ya gazeti la zamani, ifute nyuma makusudi kwa kuacha rangi, halafu ipakue kwa simu nyingine na kuipima. Ukilisoma gazeti, umeujua mtandao huo.

Mbona kwenye tovuti ya mteja ubao umerudi wenyewe?

Hili ndilo swali linaloletwa kwa mshangao mkubwa. Mtu amepakia PNG safi machoni, na kwenye orodha ya bidhaa kijipicha kidogo kinaonyesha ubao kama ulivyokuwa siku ya kupiga picha. Hakuna aliyeingilia chochote. Tovuti ilikuwa inatengeneza kijipicha cha JPEG, na msimbo wake uliitupa alfa badala ya kuchanganya picha na rangi ya nyuma.

Kwa wanaojenga tovuti kwa Python, kosa lenyewe ni mstari mmoja wa Pillow:

```
im = Image.open("dagaa.png").convert("RGB")
```

Hapo alfa inadondoshwa na rangi zilizofichwa zinabaki peke yake, zinaonekana. Inayofaa ni kuchanganya kwanza juu ya nyeupe:

```
im = Image.open("dagaa.png").convert("RGBA")
nyeupe = Image.new("RGBA", im.size, (255, 255, 255, 255))
Image.alpha_composite(nyeupe, im).convert("RGB").save("kijipicha.jpg")
```

Lakini hiyo inarekebisha kijipicha tu. Kama tovuti inaruhusu pia kupakua PNG ya mwanzo, ubao bado unapatikana kwa anayeujua mlango. Mwenye tovuti asafishe picha wakati wa kupokea, kwa kuichanganya na turubai yenye namba `(0, 0, 0, 0)` na kuhifadhi matokeo. Pikseli zote za alfa 0 zitatoka zikiwa na rangi 0, 0, 0.

Mbali na pikseli, kuna pengine panapoweza kubaki kitu?

Papo. La kwanza ni faili la kazi. `dagaa.xcf` ya GIMP, au faili lolote lenye matabaka na vinyago, lina picha nzima ndani yake. Kinyago kimeifunika tu. Fundi akikuomba faili la kazi, mpe lililojengwa kutoka kwenye picha iliyokwisha kupakwa rangi.

La pili ni maelezo ya picha yanayokwenda na faili. Humo kunaweza kuwa na kijipicha cha picha ya mwanzo kabla haijahaririwa, pamoja na mahali ilipopigwa kwa latitudo na longitudo. Tazama kwa programu ya ExifTool:

```
exiftool -a -G1 -s dagaa.png
```

Tafuta mistari yenye maneno `GPS` na `ThumbnailImage`. Kufuta yote ni `exiftool -all= dagaa.png`, ila elewa kwamba programu hii huacha nakala ya zamani pembeni ikiwa na jina `dagaa.png_original`. Mtu akituma folda nzima, amezituma zote mbili.

La tatu ni mkia wa data unaoning'inia nyuma ya faili. Mwezi Machi 2023 ilibainika kwamba kihariri cha picha cha simu za Google Pixel, `Markup`, kilikuwa kikikata PNG na kuandika picha ndogo juu ya faili la zamani bila kufupisha mwisho wake, hivyo sehemu ya picha ya awali ikabaki baada ya alama ya kufunga faili. Kosa hilo lilipewa namba CVE-2023-21036, na muda mfupi baadaye kosa la aina hiyohiyo likaonekana kwenye zana ya kupiga picha ya skrini ya Windows 11. Yote mawili yalirekebishwa, lakini marekebisho hayasafishi picha zilizokwisha kukatwa na kutumwa kabla yake. ExifTool ikikuambia `Trailer data after PNG IEND chunk`, kuna kitu baada ya mwisho. Ile amri ya kusafisha tuliyoitumia juu huandika faili jipya tangu mwanzo, kwa hiyo mkia huo hauingii.

Na kabla ya yote hayo, tazama kitu chenyewe. Beseni la aluminiamu lililosuguliwa linaakisi ubao ulio mbele yake, na hakuna kifutio cha mandharinyuma kitakachogusa akisi hiyo.

Nimeshaituma siku tatu zilizopita. Nifanye nini?

Pima kwanza nakala ileile uliyoituma, siyo iliyo kwenye kompyuta. Kama ilikwenda kama picha ya kawaida ya WhatsApp, huenda ubao haukutoka. Ipakue kutoka kwenye mazungumzo na kuitazama. Kama ilikwenda kama hati au imepakiwa kwenye tovuti, na `fichuo.png` inaonyesha majina, ihesabu kuwa imetoka.

Kwenye tovuti, pakia `safi.png` kwa jina jipya kisha ufute la zamani. Ukiweka faili jipya kwa jina lilelile, nakala zilizohifadhiwa njiani zinaweza kuendelea kuonyesha la kwanza kwa siku kadhaa. Fungua anwani ya zamani kwa simu isiyowahi kuitembelea, uhakikishe haileti kitu. Kwenye kundi, futa kwa wote, lakini usijidanganye kwamba aliyeihifadhi simuni amepokonywa. Mwombe kila fundi aliyepewa hati afute na apokee iliyo safi.

Halafu wapigie wale walioandikwa ubaoni. Namba ya simu iliyokaa jirani na kiasi cha deni ndiyo hasa anayoitafuta tapeli wa "tuma kwenye namba hii". Mchuuzi akijulishwa leo kwamba deni lake la magunia manne limeonekana na watu, kesho akipigiwa na mtu asiyemjua anayedai ametumwa kukusanya, atajua la kumjibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za namna hiyo kuwa za mwenye jina, hata kama ubao ni wako.

Ubao wenyewe nao ugeuzwe uelekee ukutani kabla ya picha inayofuata.